Vioo Viwili, Pembe Moja: Namna ya Kuhesabu Taswira kwa Kanuni Isiyoshindwa na Pembe Yoyote

Chukua vioo viwili bapa, viunganishe ubavu kwa ubavu kama jalada la daftari lililofunguliwa nusu, kisha simamisha njiti ya kiberiti kati yao. Ndani ya vioo utaona njiti kadhaa. Ukiifinya pembe, zinaongezeka. Ukiipanua, zinapungua. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kujua idadi yake kabla hujatazama, na namna ya kuihakikisha kwa macho baada ya kuikokotoa.

Mwanafunzi wa Fizikia wa Kiruruma, sawa na mwenzake wa Kayanga au wa Kyerwa, hufundishwa kanuni moja fupi. Pembe kati ya vioo ikiwa θ, idadi ya taswira n ni hii:

n = 360/θ − 1

Kwa nyuzi 90 unapata 3, kwa nyuzi 60 unapata 5, kwa nyuzi 45 unapata 7. Majibu yote matatu ni sahihi, na ukijenga vioo vyako vizuri utayaona. Sasa ijaribu kanuni hiyohiyo kwa nyuzi 100. Inakupa 2.6, na hakuna kioo kinachotoa sehemu sita za kumi za taswira. Baadhi ya vitabu hushauri kuacha desimali: 360/100 ni 3.6, basi sema taswira ni 3. Ushauri huo nao unakuwa kweli njiti ikiwa karibu na kioo kimoja, na unakuwa uongo njiti ikiwa katikati, maana hapo taswira ni 4. Hata nyuzi 72, ambazo zinagawanyika vizuri na kutoa jibu zima la 4, zinatoa taswira 5 mara tu unapoisogeza njiti kando kidogo.

Kosa ni kuiita fomula hiyo kanuni ya jumla. Kanuni ya jumla ipo, nayo inahitaji kujumlisha tu.

Vifaa na mpangilio

Unahitaji vipande viwili vya kioo cha kujitazamia, kila kimoja chenye urefu wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 10. Fundi anayekata vioo anaweza kukutolea hivyo kwenye mabaki yake. Mwombe asugue kingo kwa jiwe la kunolea, kwa sababu ukingo mpya wa kioo hukata vidole. Kagua vipande kabla hujalipa: simama mbali, tazama ndani yake mstari ulionyooka kama fremu ya mlango, kisha tikisa kioo polepole. Mstari ukipinda na kunyooka, kioo hicho si bapa, na taswira zako za nyuma zitavurugika.

Kwenye karatasi nyeupe weka nukta moja, iite O. Kutoka O chora mistari miwili yenye pembe unayoitaka, ukipima kwa kipimapembe. Vioo vitasimama juu ya mistari hiyo na kukutana penye O. Vioo vya kawaida vina rangi ya fedha nyuma, si mbele, na uakisi mkubwa hufanyika huko nyuma. Kwa hiyo upande wa nyuma wa kioo ndio ukae juu ya mstari. Viegemeze kwa vipande vya mbao au matofali madogo ili visimame wima kabisa.

Simamisha njiti kwa udongo kidogo wa mfinyanzi, sentimita 6 kutoka O. Chini yake, karatasini, andika herufi R kwa wino mzito. Herufi hiyo itakusaidia kutambua kila taswira imetoka wapi. Taswira iliyoakisiwa mara moja itakuonyesha R iliyogeuzwa. Iliyoakisiwa mara mbili itakuonyesha R halisi, ila imezungushwa. Mara tatu, imegeuzwa tena. Ukichanganyikiwa katikati ya kuhesabu, R ndiyo itakayokuambia kama unachokitazama ni taswira mpya au ni ileile uliyokwisha kuihesabu.

Fanya kazi hiyo kwenye chumba chenye mwanga wa kutosha kutoka mlangoni au dirishani, lakini jua lisipige vioo moja kwa moja, maana litakurudi machoni.

Kanuni yenyewe

Kutoka O, pima pembe mbili: kutoka kioo cha kushoto hadi kwenye njiti, uiite a, na kutoka kioo cha kulia hadi kwenye njiti, uiite b. Ukizijumlisha, a na b hukupa θ.

Anza na a. Ongeza θ. Ongeza θ tena. Endelea hadi jumla ifike 180 au ipite. Mara ulizoongeza ndiyo idadi ya taswira za mfululizo wa kwanza, ule unaoanzia kwenye kioo cha kushoto. Kisha anza na b, ufanye vivyo hivyo, upate idadi ya mfululizo wa pili, unaoanzia kwenye kioo cha kulia. Jumlisha idadi hizo mbili.

Linabaki sharti moja. Ikiwa θ inaigawa 180 bila kubakiza, toa 1. Ikiwa haiigawi, usitoe chochote.

Anayependa kuiandika kwa alama ataandika hivi: mfululizo wa kwanza una taswira k, ambapo k ni namba nzima ndogo kuliko zote inayotimiza kθ + a ≥ 180. Mfululizo wa pili ni vivyo hivyo kwa b.

Kwa nini ni 180, na kwa nini tunaongeza θ

Kioo bapa huweka taswira nyuma yake, umbali uleule ambao kitu kiko mbele yake. Tukipima kwa pembe kutoka O, njiti iko mbele ya kioo cha kushoto kwa a, basi taswira ya kwanza iko nyuma ya kioo hicho kwa a. Umbali wake kutoka O haubadiliki. Ni sentimita 6 zilezile. Ndiyo sababu taswira zote, pamoja na njiti yenyewe, hukaa juu ya duara moja ambalo kitovu chake ni O. Chora duara hilo kwa bikari na utaona kila taswira inaangukia juu yake.

Sasa kioo cha kulia kinaiona taswira ile ya kwanza kama kitu kilicho mbele yake. Iko mbali nacho kiasi gani? Kutoka kioo cha kulia hadi cha kushoto ni θ, na kutoka hapo hadi kwenye taswira ni a. Jumla ni θ + a. Kwa hiyo taswira ya pili inakaa nyuma ya kioo cha kulia kwa θ + a. Ukiitazama kutoka kioo cha kushoto, taswira hiyo ya pili iko mbali kwa 2θ + a, na taswira ya tatu itakaa nyuma ya kioo cha kushoto kwa 2θ + a. Kila uakisi unaongeza θ moja.

Mchezo huu hauendelei milele, kwa sababu kioo huakisi tu kile kilicho mbele yake, na mbele ya kioo kunaishia nyuzi 180 kutoka kwenye uso wake. Taswira ikifika nyuzi 180 au zaidi kutoka kwenye kioo ambacho kingeiakisi, iko nyuma ya kioo hicho, na mfululizo umekwisha. Zile jumla ulizokuwa ukiandika, a + θ, a + 2θ, a + 3θ, ndizo umbali wa kila taswira kutoka kwenye kioo kinachofuata. Ndiyo maana tunasimama jumla inapogusa 180.

Kuna sehemu ya duara iliyo nyuma ya vioo vyote viwili kwa pamoja: endeleza mistari ya vioo kupita O, na pembe inayotokea upande wa pili ndiyo hiyo. Niiite kona ya nyuma. Taswira ya mwisho ya kila mfululizo huangukia ndani ya kona ya nyuma au kwenye ukingo wake, na ikishafika hapo haizai nyingine.

Ile 1 inayotolewa inatoka hapo pia. Pembe inapoigawa 180 sawasawa, taswira ya mwisho ya mfululizo wa kushoto na ya mwisho ya mfululizo wa kulia huangukia nukta moja ndani ya kona ya nyuma. Umezihesabu mbili, lakini ni moja. Kwa nyuzi 60, kila mfululizo una taswira 3, jumla 6, toa ile iliyohesabiwa mara mbili, zinabaki 5. Ndivyo fomula ya vitabuni inavyozaliwa: 180/θ kwa kila upande, mara mbili ni 360/θ, toa 1. Na kwa kuwa hesabu hii haitegemei a wala b, njiti unaweza kuiweka popote kati ya vioo na jibu halibadiliki. Pembe zenye sifa hiyo ni kama 90, 60, 45, 36, 30, 20 na 18. Kwa hizo, itumie fomula fupi bila wasiwasi.

Nyuzi 100, hatua kwa hatua

Weka vioo kwa nyuzi 100. Weka njiti katikati kabisa, a = 50 na b = 50.

Upande wa kushoto: 50, ongeza 100 ni 150, bado, ongeza 100 ni 250, imepita 180. Umeongeza mara mbili, basi taswira ni 2. Upande wa kulia ni vivyo hivyo, taswira 2. Je, 100 inaigawa 180 bila kubakiza? Hapana. Kwa hiyo hakuna cha kutoa. Jumla ni taswira 4.

Sasa sogeza njiti karibu na kioo cha kushoto, a = 15 na b = 85. Kushoto: 15, kisha 115, kisha 215. Mara mbili, taswira 2. Kulia: 85, kisha 185. Mara moja, taswira 1. Jumla ni 3.

Vioo ni vilevile, pembe ni ileile, idadi imebadilika. Unaweza hata kukokotoa mpaka uko wapi. Mfululizo wa kulia unabaki na taswira moja pale ambapo b + 100 inafika 180, yaani b ikiwa 80 au zaidi. Hivyo njiti ikiwa ndani ya nyuzi 20 kutoka kwenye kioo chochote, taswira ni 3. Ikiwa katikati zaidi ya hapo, ni 4. Pima nyuzi 20 kutoka kila kioo, chora mistari miwili mepesi, na umepata ramani ya eneo la taswira tatu na eneo la taswira nne.

Tatizo la jicho lililosimama mahali pamoja

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kudhani hesabu imewadanganya. Ukiweka njiti katikati ya nyuzi 100 na kutazama ukiwa katikati, nyuma ya njiti, utaona taswira mbili tu. Hesabu imesema nne.

Taswira nne zipo, ila hakuna sehemu moja ambayo jicho linaweza kuziona zote. Ili uione taswira, mstari ulionyooka kutoka jichoni hadi kwenye taswira lazima upite kwenye kioo kilichoiakisi mara ya mwisho. Mstari huo ukipita upande wa pili wa O, huko ni kioo kingine, na taswira hiyo imefichika kwako. Kwa kipimo cha pembe, jicho linaona taswira kupitia kioo fulani ikiwa pembe kutoka jichoni hadi kwenye taswira, ukipitia upande wa kioo hicho, ni chini ya 180.

Katika mfano wetu, taswira za kwanza za pande zote mbili zinaonekana kutoka popote. Taswira ya pili ya mfululizo wa kulia inakaa nyuma ya kioo cha kushoto kwa nyuzi 150, basi jicho linaiona likiwa ndani ya nyuzi 30 kutoka kioo cha kushoto. Ile ya pili ya mfululizo wa kushoto inakaa nyuma ya kioo cha kulia kwa nyuzi 150, nayo inaonekana ukiwa ndani ya nyuzi 30 kutoka kioo cha kulia. Kwa hiyo fanya hivi. Kaa umbali wa kama sentimita 40 kutoka O, fumba jicho moja, anza katikati. Hesabu mbili. Sogea polepole kuelekea upande wa kioo cha kushoto, macho yako yakiwa kwenye mshono wa vioo. Ukivuka mstari wa nyuzi 30, njiti ya tatu itachomoza kutoka mshononi, ndani ya kioo cha kushoto, na R yake haijageuzwa, maana imeakisiwa mara mbili. Rudi katikati, itazama tena mshononi. Nenda upande wa kulia, na njiti nyingine itachomoza ndani ya kioo cha kulia. Hiyo ni ya nne, si ile ya tatu iliyohama: weka nukta nyekundu upande mmoja wa R na utaona zimezungushwa tofauti.

Usiende hadi jicho likaribie kioo kabisa, kwani kioo cha sentimita 15 ni kifupi na mstari wa kutazamia utapita nje ya ukingo wake wa mbali. Kati ya nyuzi 10 na 28 kutoka kwenye kioo ni mahali pazuri.

Kwa nyuzi 90 au 60 hali ni tofauti. Taswira ya mwisho, ile ya pamoja, ukiikosa katika kioo kimoja unaipata katika kingine, papo hapo. Ukitembeza kichwa, unaiona ikivuka mshono bila kupotea. Kutoka popote utaona idadi kamili. Ndiyo sababu pembe hizi zinapendwa maabara, na ndiyo sababu mwanafunzi aliyezoea hizo tu hajui kwamba idadi ya taswira zilizopo na idadi ya taswira anazoziona ni mambo mawili.

Nyuzi 72, na pembe nyingine za aina yake

Pembe 120, 72 na 40 zinaigawa 360 bila kubakiza, lakini haziigawi 180. Hapa 360/θ ni namba witiri: 3, 5, 9. Njiti ikiwa katikati, kwa nyuzi 72 a = 36: 36, 108, 180. Imegusa 180 kamili, nasi tulisema ikifika tunasimama, kwa sababu taswira imeangukia juu ya mstari wa kioo kile kingine na haiwezi kuakisiwa kuwa nyingine. Mara mbili kila upande, jumla 4. Fomula fupi nayo inasema 4, lakini inafika hapo kwa bahati, maana hakuna taswira zilizogongana.

Isogeze njiti, a = 20 na b = 52. Kushoto: 20, 92, 164, 236, taswira 3. Kulia: 52, 124, 196, taswira 2. Jumla 5. Kwa pembe za kundi hili kumbuka hivi: katikati kabisa ni 360/θ − 1, penginepo popote ni 360/θ.

Mshumaa haufai kwa jaribio hili la nyuzi 72, ingawa ndio unaochorwa mara nyingi. Mshumaa ni mnene. Mstari wa katikati ukipita ndani yake, nusu yake ya kushoto iko upande mmoja na nusu ya kulia upande mwingine, na kila nusu inazaa taswira yake ya tano. Utaona vipande vya mshumaa vikichungulia mshononi, usijue uvihesabu au uviache. Njiti nyembamba, au pini ya fundi cherehani, inaondoa ugomvi huo karibu wote.

Kujua kama pembe yako ni sahihi

Kipimapembe cha shule kikiwa kimepinda au vioo vikiteleza, pembe inakuwa 61 badala ya 60, na huwezi kulitambua hilo kwa kutazama karatasi. Vioo vyenyewe vitakuambia. Kwa pembe inayoigawa 180, taswira mbili za mwisho zinapaswa kukaa nukta moja. Pembe ikikosewa kwa uzi mmoja, kwenye nyuzi 60 zinaachana kwa nyuzi 6 za duara. Njiti ikiwa sentimita 10 kutoka O, hiyo ni kama sentimita moja nzima, na inaonekana waziwazi. Kwenye nyuzi 90 zinaachana kwa nyuzi 4, milimita 7 hivi.

Weka jicho moja nyuma ya njiti, juu yake kidogo, ili njiti na mshono viwe kwenye mstari mmoja. Ukiona njiti mbili pembeni mwa mshono, moja kila upande, pembe ni ndogo mno. Ipanue taratibu hadi ziungane. Ukiona njiti imetoweka mshononi kana kwamba imemezwa, pembe ni kubwa mno; ifinye hadi irudi. David Brewster, Mskochi aliyebuni kaleidoskopu mwaka 1816 na kupata hataza yake mwaka 1817, alisisitiza jambo hilihili: pembe ya vioo isipoingia sawasawa katika duara, ua linaloonekana ndani ya bomba halifungi vizuri penye mshono.

Dalili nyingine ni za kioo kisichosimama wima. Taswira zikipanda au kushuka ngazi kwa ngazi kadiri zinavyokwenda nyuma, kioo kimoja kimelala. Na ukiona kivuli hafifu cha njiti pembeni ya kila taswira angavu, hicho ni uakisi wa uso wa mbele wa kioo, ule usio na rangi ya fedha. Usikihesabu.

Pembe ndogo sana, na vioo sambamba

Kwa nyuzi 10 hesabu inatoa taswira 35. Zote zipo kwenye duara, lakini kila uakisi hula mwanga kidogo. Kioo kikirudisha sehemu tisa kati ya kumi za mwanga, baada ya uakisi 18 inabaki kama sehemu 15 kati ya 100, na zile za nyuma kabisa zinakuwa nyeusi zenye ukijani, kwa sababu mwanga umepita mara nyingi ndani ya unene wa kioo chenye chuma kidogo ndani yake. Ukikaa kwenye kiti cha kinyozi chenye kioo mbele na kioo nyuma, pembe ni sifuri na jumla yako haitafika 180 kamwe hata ukiongeza mara ngapi. Taswira hazina mwisho kwa hesabu; kwa macho zinaishia pale mwanga unapoisha au kichwa chako kinapozikinga.

Kwenye karatasi ya mtihani

Swali likikupa 90, 60, 45 au 30, tumia 360/θ − 1 uendelee. Likikupa idadi na kutaka pembe, geuza: θ = 360/(n + 1), hivyo taswira 7 ni nyuzi 45, na taswira 11 ni nyuzi 30. Likikupa 120 au 72 bila kusema kitu kiko wapi, andika kwanza kwamba umechukulia kitu kiko katikati ya pembe, ndipo uandike jibu. Likikupa pembe kama 100, andika hesabu ya kila mfululizo peke yake ili msahihishaji aone ulikotoka.

Na wewe mwalimu unayetunga swali, ukichagua pembe isiyoigawa 180, tafadhali andika kitu kiko nyuzi ngapi kutoka kwenye kioo kimoja. Bila namba hiyo swali halina jibu moja, na mwanafunzi aliyelielewa somo kuliko wenzake ndiye atakayekwama.